Simu za kimya: usihesabu hadi kumi

Swali: "Nimeanza kujitolea kwenye simu ya msaada, zamu za usiku. Simu za kimya ni nyingi. Msimamizi anasema nihesabu hadi kumi, niulize mara mbili kama kuna mtu, kisha nimwambie asipoongea nakata. Ndivyo mnavyofanya?"

Achana na hiyo hesabu, mkuu. Leo hii, kabla hujaingia zamu.

Hilo neno "usipoongea nakata" ndilo linaloua simu. Aliyepiga huenda mumewe yuko chumba cha pili. Huenda analia na koo limefunga. Huenda ni mtoto anayetaka kwanza kusikia kama sauti ya upande wa pili ni ya ukali. Wote hao wewe unawadai kitu kimoja, sauti, nacho ndicho walichokosa. Na ukiuliza "upo? upo? haloo?" mfululizo, kwake ni kufokewa.

Mimi nilifundishwa hivyo hivyo, na nikakata simu ambazo hadi leo sijui zilikuwa za nani. Mkufunzi wetu, ambaye baadaye nilijua hajawahi kukaa hata zamu moja, alituambia msiposikia pumzi basi hakuna mtu. Inanikera mpaka leo, kwa sababu ni uongo na angeweza kuuliza fundi yeyote wa mitandao. Simu ya mkononi ikiona mwenye nayo haongei, mara nyingi husitisha kurusha sauti ili kuokoa betri, na upande wako unawekewa mvumo hafifu wa bandia usije ukadhani laini imekatika. Simu janja nazo huchuja kelele, na kwazo pumzi au kwikwi ya chinichini ni kelele. Mtu anaweza kuwa analia kabisa na wewe usisikie chochote. Kwa hiyo ukimya mtupu hauthibitishi kwamba hakuna mtu. Simu iliyojipiga mfukoni ndiyo hujulikana kirahisi: utasikia nguo zikikwaruza na watu wakipiga soga zao.

Sasa ona simu moja niliyopokea baada ya kuachana na hesabu, mambo ya kumtambulisha mtu nimeyatoa. Nilijitambulisha, kimya. Nikanyamaza kama nusu dakika. Nikasema, taratibu: "Si lazima uongee. Nipo, wala sina haraka." Nikanyamaza tena, safari hii zaidi ya dakika, na hapo ndipo kazi ilipo, maana mdomo unawasha kutaka kujaza nafasi. Kisha: "Labda hapo ulipo huwezi kuongea. Kama unanisikia, na kama haitakuletea shida, bonyeza kitufe chochote cha namba."

Kikalia.

Nilimwomba kitufe, sikumwomba agonge simu kwa kidole, kwa sababu mgongo wa kidole kwenye simu, yaani ule mlio wa kugonga, unaweza kuchujwa kama kelele, ila kitufe hupitishwa na mtandao kama mlio wake wenyewe. Lakini vitochi vingine hulia upande wa mpigaji pia, ndiyo maana ya "kama haitakuletea shida". Nikaendelea: "Nitauliza maswali ya ndiyo au hapana. Ndiyo mara moja, hapana mara mbili. Ukichoka, acha tu." Uko salama sasa hivi? Mara mbili. Umeumia? Mara mbili. Unataka nitafute polisi? Mara mbili. Basi unataka nikae tu bila kuuliza? Mara moja.

Nikakaa. Kila baada ya dakika chache nilisema "bado nipo", basi. Sikumbembeleza wala sikumpa mawaidha. Baadaye sana akanong'ona kwamba mtu ametoka nje, tukaanza kuongea haraka haraka kuhusu pa kwenda kesho yake.

Najua vituo vingine vina laini moja na foleni ndefu, hamwezi kukaa usiku kucha. Sawa, lakini kuna njia ya kuachia laini. Mwambie mapema: "Nitakuwa nawe dakika tano zaidi, kisha nitaachia laini. Ukipiga tena utapokelewa, hata kama hutaongea." Zikitimia, muage kwa upole na umrudie hayo hayo. Huo ni muda aliojulishwa, si adhabu ya kunyamaza.

Na simu ikikatika upande wake, usimpigie tena kwa kumhurumia, isipokuwa yeye mwenyewe alisema inafaa au utaratibu wa kituo unaagiza hivyo kwa hatari ya maisha. Hujui simu iko mkononi mwa nani wakati huo, na namba yenu ikitokea kwenye kioo mbele ya mtu anayemtesa, wewe ndiye utakayekuwa umemfichua.