Jaribio linalopita hata mpangilio ukigeuzwa

«Jaribio langu la msimbo wa kukokotoa punguzo la 10% na kodi ya 15% linapita hata nikitoza kodi kabla ya punguzo. Kwa nini?»

Asilimia mbili zikizidishwa kwa mpangilio wowote hutoa jibu lile lile, kwa hiyo jaribio hilo haliwezi kugundua kosa unalolitafuta. Mwenzetu mmoja alishauri uongeze bidhaa katika jaribio, lakini hata bidhaa mia moja hazitabadilisha hali hiyo. Tumia punguzo la kiasi maalumu, na uandike bei kwa senti nzima:

```python
def test_punguzo_kabla_ya_kodi():
    assert jumla([1000], punguzo=200, kodi=15) == 920
```

Kodi ikitangulia utapata 950, na jaribio litaanguka kama inavyopasa. Nakusihi uikokotoe 920 kwa mkono, kwa sababu ukiinakili kanuni ya msimbo ndani ya jaribio, utakuwa umelinakili na kosa lake.

Kuhusu aliyeuliza kwa nini kikapu chake hutofautiana na risiti kwa senti moja, chanzo huenda ni mahali pa kufikisha bei kwenye senti nzima iliyo karibu. Bidhaa tatu za senti 333, kwa viwango vya swali la kwanza, hutoa 1035 ukifikisha senti nzima kwa kila bidhaa, katika punguzo na katika kodi, lakini 1034 ukifanya hivyo kwenye jumla. Lipi ni sahihi hutegemea sheria ya kodi inayokuhusu, hivyo muulize mhasibu kabla ya kuandika jaribio hilo.