Wadogo zangu, msifute nukta kwa sababu fomula imekataa

Likizo hii nimekaa barazani hapa Tabora na wanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza, na jibu lile lile limenijia kwenye madaftari matatu: "Kwenye halijoto ya Boyle molekuli haziathiriani tena." Nawapenda, lakini hapana. Kaeni tusemezane.

1. B, namba inayofika sifuri kwenye halijoto ya Boyle, si nguvu, ni ujazo. Tazameni vipimo vyake: sentimita za ujazo kwa moli. Kwenye Z = 1 + B/V + C/V² + …, ambayo Kamerlingh Onnes aliiandika mwaka 1901, Z ni pV/RT, ambayo kwa gesi kamilifu ni 1 daima, V ni ujazo wa moli moja, na B inabeba hesabu ya molekuli zinapokutana mbili mbili, C zinapokutana tatu tatu. Zikivutana na kukawia pamoja, ukuta wa chombo unapigwa kidogo kuliko ambavyo gesi kamilifu ingeupiga, na B inakuwa hasi. Zikiwa na kasi kubwa, mvuto hauwahi kuzishika. Kinachobaki kuonekana ni unene wao, kwamba mbili haziwezi kukaa mahali pamoja, na B inakuwa chanya.

Halijoto ya Boyle ni pale mizani inapolingana. Mvuto upo, msukumano upo, na jumla yao kwa jozi zote ni sifuri. Kama nguvu zingekuwa zimetoweka, gesi ikipashwa digrii moja zaidi zingetoka wapi tena? Isitoshe, ni B tu iliyofika sifuri. C bado ipo. Kwa naitrojeni halijoto hiyo ni karibu kelvini 327, lakini kwenye baa 100 Z yake inapita 1 kwa karibu asilimia 2.

2. Hapa nawaambia kosa langu, maana nimemwona mmoja wenu akilifanya juzi kwa kalamu nyekundu.

Nilikuwa chuoni, mwaka wa mwisho. Kazi yangu ilikuwa kupima Z ya naitrojeni kwenye kelvini 373, kanieneo likipanda hadi baa 30. Kabla ya kupima nilikuwa nimeshakokotoa jibu kwa mlinganyo wa van der Waals, ambao unasema B = b − a/RT, b ikiwa ni ya unene wa molekuli na a ya mvuto wao. Kwa naitrojeni b ni sentimita za ujazo 38.7, na a/RT kwenye halijoto ile ni 44.2. B ikatoka −5.5. Basi nikajua kwamba Z lazima ishuke chini ya 1, hadi karibu 0.995.

Nukta zangu zikapanda. Kwenye baa 30 nilisoma karibu 1.007. Nilirudia, zikapanda tena. Nikashuku geji, nikashuku valvu, nikamshuku hata mwenzangu aliyepima ujazo wa chombo, na nilimtolea maneno ambayo mpaka leo najutia. Mwisho nikazifuta nukta tano za juu, nikachora mstari wa kushuka kupitia zile za kanieneo dogo, ambako kosa la kusoma geji ni kubwa kuliko mchango wa B, nikawasilisha.

Mwalimu wangu aliomba daftari la vipimo ghafi. Akalisoma kimya, kisha akaniambia: "Kijana, ulikuwa umepima vizuri." B iliyopimwa na watu makini kwa naitrojeni kwenye 373 ni +6.2. Ile peke yake inaifikisha Z 1.006, na C inaongeza kidogo kilichobaki. Nilikuwa na ukweli mkononi nikaufuta kwa raba. Nilirudia ripoti nzima. Mwenzangu nilimwomba radhi, akanisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Mlinganyo ulinipoteza kwa sababu a na b huchukuliwa kwenye nukta ya mpito, ambako tofauti kati ya gesi na kimiminika inatoweka. Ukiweka B = 0 unapata T = a/Rb, yaani mara 27/8 ya halijoto ya mpito. Kwa naitrojeni, 126.2 inazaa 426. Kipimo kinasema 327. Kati ya namba hizo mbili kuna digrii mia nzima ambamo fomula inakupa alama ya kutoa na gesi inakupa ya kujumlisha. 373 yangu ilikuwa katikati kabisa. Fomula ile inafaa kukuonyesha kwa nini B inabadili alama. Kwa namba yenyewe, tumia jedwali la vipimo.

3. Choreni (Z − 1)V dhidi ya 1/V: mstari unakata mhimili kwenye B, na mwinamo wake ni C.

4. Kanieneo likielekea sifuri Z isipoelekea 1, umekosea idadi ya moli, ujazo au halijoto.

5. Na wewe uliyeandika 373 kwa sababu tu maji yalikuwa yanachemka: hapa Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 za Selsiasi, yaani karibu kelvini 369. Tia kipimajoto. Halafu nirudishie lile daftari lenye kalamu nyekundu, tuzirudishe zile nukta pamoja kabla hujasafiri.