Vina au picha? Shairi la mistari mitatu la Quasimodo

"Natafsiri 'Ed è subito sera' kutoka Kiitaliano. Nikishika vina, picha inapotea. Nitoe sadaka kipi?"

Ndugu, hapa usihangaike na vina kamili, kwa sababu mtunzi wake, mshairi Mwitaliano Quasimodo, mwenyewe hakuviweka. Terra, yaani dunia, linalofunga mstari wa kwanza, na sera, yaani jioni, linalofunga wa tatu, yanalingana irabu tu. Kinachobeba shairi ni mistari inayofupika: mizani 12, kisha 9, kisha 7, kama siku inayokatika. Mimi ningelinda huo ufupisho kwanza:

Kila mtu yu pweke moyoni mwa dunia
kadungwa na mwali wa jua:
na mara ni jioni.

Hesabu: 14, 9, 7. Ngazi imebaki, na "moyoni" inaitikiwa na "jioni" bila kulazimisha.

Nilijaribu pia kufunga kwa "jioni yaingia". Kina na "dunia" ni safi na mizani ni 7 zilezile, lakini ule ughafla umetoweka. Ukirudisha "mara" unapata 9, na mstari wa mwisho haufupiki tena. Masikio yetu yaliyozoea tarbia yataupenda, ila mshtuko umekufa.

Angalia pia neno trafitto linaloanza mstari wa pili wa Kiitaliano. Ukiandika "kachomwa na jua", msomaji ataona mtu aliyeungua mchana. Picha ni ya kitu chenye ncha kinachopenya mwilini, ndiyo maana nimechukua "kadungwa".

Kama unataka kuchapisha, omba kwanza idhini ya wenye haki. Quasimodo alifariki 1968, na Italia hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi.