Maswali na majibu: Diski nyingi kuukuu ndani ya kasha moja

Nina hadidiski sita za inchi 3.5, zilizotolewa kwenye mashine za ofisi na rekoda ya kamera. Sapulai yangu ina waya mmoja wenye vichwa vitatu vya SATA, na mwingine wenye moleksi mbili. Imeandikwa +12V 18A. Nitazilishaje zote umeme? (Msomaji, Kayole)

Umefanya vyema kusoma mstari wa volti 12 badala ya ile namba kubwa ya wati iliyoandikwa juu ya boksi. Mota ya diski inazungushwa na volti 12, na hapo ndipo penye mzigo.

Diski ya inchi 3.5 ikishaanza kuzunguka hula takriban nusu ampea kwenye volti 12. Ile sekunde chache ya kuondoka, hata hivyo, inaweza kuvuta ampea 2. Kibandiko cha diski kwa kawaida hukuonyesha ile ndogo tu, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Sita mara mbili ni ampea 12. Toa kwenye 18, unabaki na 6, yaani wati 72 za ubao mama, prosesa na feni wakati kompyuta inawaka. Kwa mashine ya kuhifadhi mafaili isiyo na kadi ya michezo, zinatosha, mradi sapulai iwe ya kampuni inayosema kweli kwenye kibandiko chake. Ukiwa na kadi hiyo, tafuta sapulai kubwa zaidi kabla ya kununua waya wowote.

Mpangilio ni huu. Diski tatu ziende moja kwa moja kwenye vichwa vya SATA, bila adapta. Moleksi ya kwanza ipate adapta ya kulisha diski mbili, ya pili ilishe moja. Basi.

Sasa adapta yenyewe, maana nimelisema hili mara nyingi na bado napokea picha za vichwa vilivyoungua. Kuna aina mbili. Ya kwanza, kichwa chake cha SATA ni bonge moja la plastiki iliyomiminwa juu ya nyaya, halina kifuniko wala mshono. Usiinunue, hata ukipewa bure. Plastiki ikimiminwa ikiwa moto inaweza kusogeza nyaya zilizo ndani, na wewe huwezi kuona. Waya wa njano wa volti 12 ukikaa karibu mno na mweusi, siku moja umeme huanza kuruka kati yao, plastiki inageuka mkaa, na mkaa unapitisha umeme. Usidhani sapulai itajizima. Mkondo unaopita kwenye mkaa huo unaweza kuwa chini ya kiwango kinachoifanya ijikinge, kwa hiyo inaendelea kulisha moto.

Ya pili ina kifuniko kidogo nyuma kinachobanduka. Ukikifungua unaona kila waya umekandamizwa kwenye chuma chake, na nyaya zinapita kando kando kuelekea kichwa kinachofuata. Hiyo ndiyo ya kutafuta. Ukiwa Luthuli, mwambie muuzaji akitoe kwenye mfuko ukigeuze mkononi. Akikataa, nenda duka la pili. Maduka si haba pale.

Ikiwa tayari unayo ile ya kwanza ndani ya kasha, zima leo uikague. Plastiki iliyogeuka kahawia au kulegea, harufu ya kuungua, au diski inayopotea na kurudi ukianza kunakili mafaili makubwa: yoyote kati ya hizo ikitokea, adapta hiyo imekwisha.

Jambo ambalo hukuuliza: umeme ukikatika kisha ukarudi, ukarudi tena kwa kusitasita kama tunavyoujua, diski zako sita zitaondoka pamoja kila mara. Ingia BIOS utafute `Restore on AC Power Loss`, uiweke `Power Off`. Wewe ndiwe uiwashe umeme ukishatulia.

Kuna waya unaogawa kichwa kimoja cha SATA kuwa vinne. Si ni rahisi zaidi? (Msomaji, Rongai)

Hapana, na swali hili huja kila mara. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5, jumla 4.5. Diski nne za inchi 3.5 zikiondoka pamoja zinaweza kutaka 8. Diski mbili huingia ndani ya kikomo kwa shida, nne hazimo. Pini za moleksi ni nene zaidi, ndiyo maana natoka kwenye moleksi kwenda SATA. Waya huo wa kugawa unafaa kwa SSD, ambazo kwa kawaida hazitumii volti 12 kabisa.

Na wewe mwenye mashine ya ofisi ya mtumba, angalia kwanza umeme wa diski unatoka wapi. Nyingine huutoa kwenye ubao mama kupitia soketi ndogo iliyokusudiwa diski moja au mbili. Usiitundike diski nne hapo; utachoma njia za ubao wenyewe.

Nilibadilisha sapulai nikaacha waya za zamani kwa sababu zilikuwa zimeshapangwa vizuri. Diski tatu zimenyamaza. (Msomaji, Kasarani)

Chomoa sasa hivi, usijaribu diski ya nne.

Upande wa diski, kichwa ni kile kile duniani kote. Upande wa sapulai yenye waya za kuchomoa, hakuna kanuni: kila kampuni hupanga pini itakavyo, na wakati mwingine modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Plagi inaingia vizuri kabisa, kisha volti 12 zinapita mahali pa volti 5.

Huenda data bado ipo. Diski nyingi zina diodi ya kinga karibu na soketi ya umeme. Ikipigwa na volti nyingi hujifunga na kuwa njia fupi, na diski haiwaki. Fundi wa kweli ataipima, aiondoe, na diski inaweza kuwaka kwa muda wa kunakili data. Bila diodi haina kinga tena, usiirudishe kazini. Akikuambia atabandika tu bodi ya diski nyingine ya modeli hiyo, mkatalie: chipu ya kumbukumbu iliyo kwenye bodi ya asili hubeba vipimo vya diski hiyo pekee, na lazima ihamishwe.

Kwa wengine wote: waya mpya upimwe kwa mita kabla ya kugusa diski. Nyekundu kwa nyeusi 4.75 hadi 5.25, njano kwa nyeusi 11.4 hadi 12.6.

Waya wa data ulioandikwa SATA 3 utafanya diski zangu ziende kasi? (Msomaji, Umoja)

Hapana. Nunua wenye kibanio cha chuma, usiozidi mita 1. Ukishuku waya, tazama mstari huu:

```
sudo smartctl -A /dev/sdb | grep CRC
```

Namba ya mwisho kwenye mstari huo hairudi sifuri kamwe, kwa hiyo cha kuangalia ni kama inaongezeka. Ikiongezeka, badilisha waya kwanza, si diski.

Kasha lina vyumba viwili tu vya diski. Nizilaze nyingine chini juu ya sponji? (Msomaji, Ruaka)

Sponji hufunika joto na diski itatikisika juu yake. Nafasi tatu za inchi 5.25 zikiwa wazi mbele, kuna kizimba kinachoingia humo na kubeba diski nne au tano, chenye feni yake. Kagua soketi za umeme nyuma yake: chenye soketi moja tu kwa diski tano, kiache. Ukikosa kizimba, tumia vipande vya chuma vya pembe, skrubu nne kila diski, na acha angalau upana wa kidole kati ya diski na diski ili hewa ipite. Ikizidi nyuzi 45 wakati wa kunakili, ongeza feni ya mbele kabla ya kuongeza diski.