Dar moja, halmashauri tano: maswali yenu ya maji, usafiri na taka

Hivi Jiji la Dar lilifutwa au halikufutwa? Mbona bado naona magari yameandikwa Halmashauri ya Jiji? (Tabata)

Lile la zamani lilifutwa kweli, na hilo unaloliona ni jingine. Mpaka Februari 2021 tulikuwa na manispaa tano, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, halafu juu yake kulikuwa na Halmashauri ya Jiji yenye meya wake, kazi yake ikiwa ni yale mambo yanayovuka mipaka ya manispaa. Rais Magufuli akaivunja, Ilala ikapandishwa hadhi ikaitwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo gari ulilopishana nalo ni la Ilala, na mamlaka yake yanaishia kwenye mpaka wa Ilala, ukivuka tu kwenda Temeke hana la kusema.

Mimi naona hoja ya gharama ilikuwa na uzito, maana zilikuwa ngazi mbili za madiwani juu ya wananchi walewale. Ila kazi za kuunganisha hazikufutika na baraza, zilibaki zinaning'inia. Sa hivi meza ambayo wakurugenzi wote watano wanakaa pamoja ni ya mkoa, kwa Mkuu wa Mkoa na Katibu Tawala wake. Mkoa unaweza kuwaita, kuwasukuma, kuwapa agizo, lakini bajeti ya kila halmashauri inapita kwenye baraza lake la madiwani, na diwani wa Mbagala anaulizwa na watu wa Mbagala, hakuna atakayemuuliza habari za Bunju.

Maji yako chini ya DAWASA peke yake, hakuna mambo ya manispaa. Mbona bado mgao unatupiga? (Kimara)

Kwenye maji mji ulishaunganishwa, na hapo pamesaidia. DAWASA anahudumia Dar yote pamoja na maeneo ya Pwani kama Kibaha na Bagamoyo, bomba halijui mpaka wa manispaa, na bei inapitishwa na EWURA, sio madiwani. Ndo maana hujawahi kusikia Ubungo na Kinondoni wanagombania bomba.

Shida iko juu zaidi. Maji mengi tunayokunywa yanatoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili, Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mto wenyewe unaanzia milima ya Uluguru huko Morogoro. Anayegawa nani achote kiasi gani mtoni ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na huko juu kuna wakulima wa umwagiliaji na wafugaji ambao nao wana haki yao. Oktoba 2022 mvua zilipochelewa mto ukashuka, Dar nzima ikawekwa kwenye ratiba ya mgao, na hakuna halmashauri hata moja ingeweza kufanya kitu kwa sababu chanzo kiko mkoa mwingine. Bwawa la Kidunda linajengwa kwa ajili hiyo hasa, kutunza maji ya masika yatumike kiangazi. Kwa hiyo kuwa na mamlaka moja mjini kunaondoa ugomvi wa mabomba, ila hakuongezi maji mtoni.

Stendi yetu ya daladala mvua ikinyesha ni bwawa. LATRA wanasema siyo wao, TARURA wanasema siyo wao. Ni nani? (Mbagala)

Dada, wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. LATRA anatoa leseni ya ruti na kupanga nauli. Barabara kubwa ni ya TANROADS, za mitaani ni za TARURA. Stendi yenyewe kwa kawaida ni ya halmashauri, na ushuru wa stendi ukilipwa hela inaenda huko. Mabasi ya mwendokasi yana wakala wao, DART. Sasa anza na risiti ya ushuru: jina la halmashauri lililoandikwa pale ndo mlango wa kwanza kugonga. Kama maji yanatoka barabarani yanaingia stendi basi mfereji ni wa mwenye barabara, na hapo muombe mhandisi wa halmashauri amwandikie, msiishie kulalamika kwa mdomo.

Tunalipa hela ya taka kila mwezi, gari linakuja likijisikia. Mzabuni anatuibia? (Bunju)

Inawezekana, lakini kabla hujafika huko angalia hesabu yake. Taka za Dar zinaenda dampo la Pugu Kinyamwezi, ambalo liko Ilala. Kutoka Bunju mpaka kule ni zaidi ya kilomita 40, unapita Mwenge, unakatiza mji mzima kwenye foleni, halafu ukifika kuna foleni nyingine ya kumwaga. Tuseme gari linabeba tani 7: likitokea Gongo la Mboto linaweza kupiga tripu nne kwa siku, yaani tani 28, likitokea Bunju likijitahidi sana ni mbili, tani 14, na mafuta yameungua mengi zaidi. Hela anayokusanya kwa kaya haitofautiani kiasi cha kufidia pengo hilo. Kwa hiyo anafanya nini, anaanza kuruka mitaa ya ndani, anachukua za barabarani tu zinazoonekana, ndani wanaingia vijana wa mkokoteni wanaolipwa kwa gunia, na gunia linaishia korongoni usiku. Ukiona mikokoteni imeongezeka mtaani kwenu jua gari limeshazidiwa.

Dawa inajulikana: kituo cha kuhamishia taka, magari madogo yanashusha hapo, halafu lori kubwa moja linapeleka Pugu mzigo wa magari kadhaa. Ila kituo kinataka kiwanja, kila mtaa unakikataa, na kikiwekwa mpakani kinahudumia halmashauri mbili huku bajeti inatoka moja. Kinondoni wamejaribu njia nyingine, kiwanda cha mboji Mabwepande walichojenga kwa kushirikiana na mji wa Hamburg, taka za masokoni zinageuzwa mbolea hukohuko bila kuvuka mji. Kikomo chake ni kwamba kinataka taka zinazooza zilizotengwa, ukileta mchanganyiko na mifuko mboji inaharibika.

Halafu kuna watu wa Pugu wenyewe, hawa ndo nawaonea uchungu zaidi. Moshi na harufu ni vyao, taka ni za halmashauri zote tano. Masika njia za ndani ya dampo zikigeuka tope malori yanakwama, na ndani ya siku chache unaona mapipa yamejaa mpaka Kigamboni. Ilala peke yake hawezi kubeba gharama ya kifusi cha kufukia, katapila na njia. Kinachotakiwa ni mkataba wa maandishi wa halmashauri zote tano, kila mmoja anachangia kwa tani anazoleta zilizopimwa kwenye mizani, na fungu hilo lisiguswe kwa kazi nyingine. Bila hivyo kila mmoja anabajeti gari lake, na dampo halina anayelitunza.

Mto Ng'ombe ukijaa taka, tuwabane Ubungo au Kinondoni? (Tandale)

Wote. Mto unapita Sinza, ambayo ni Ubungo, ndo unakuja kwenu Tandale, Kinondoni, halafu unaingia Msimbazi. Ule ujenzi wa kingo za zege ulifanyika chini ya mradi mmoja wa DMDP kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ndo maana haukusimama kwenye mpaka. Usafi wa kila siku ulirudi kwa kila mmoja na kipande chake, kwa hiyo mkisafisha nyie tu mvua ya kwanza inawaletea za juu. Mwenyekiti wenu wa mtaa na wa Sinza wapange siku moja ya kusafisha, kabla ya Machi, na barua iende kwa wakurugenzi wote wawili na nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa.