Waipa nzito: itenganishe mota na vyuma vyake kabla ya kununua nyingine

"Wakuu, waipa za Probox yangu siku hizi zinatembea kivivu, na mvua ikikolea zinasimama katikati ya kioo. Nikizima na kusubiri kidogo zinaendelea. Fundi anasema ninunue mota. Ni mota kweli, au kuna cha kuangalia kwanza?"

Mkuu, usitoe hela ya mota bado. Mimi nilinunua mbili za used, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nzima kama ile niliyoitoa. Kila nikifunga mpya, waipa zilichangamka siku chache kisha zikarudi palepale. Siku iliyonifanya niketi na gari mwenyewe ni usiku nikitoka Tukuyu kwenda Mbeya. Mvua ya Rungwe unaijua. Waipa zikasimama mbele ya macho yangu kwenye kona, lori linashuka upande wa pili, na kioo kikawa kama kimemwagiwa maziwa.

Hapo uliposema zikipumzika zinaendelea, umetoa dalili kubwa. Mota nyingi za waipa zina kikatio kidogo ndani kinachokata umeme zikipata joto kupita kiasi, kikipoa kinarudisha. Mota haipati joto hivyo bila sababu. Mara nyingi kuna mzigo mzito inaouvuta, kwa hiyo swali la kwanza ni uzito huo unatoka wapi.

Anza na jambo lisilohitaji spana. Mwagia kioo maji, kwa sababu kioo kikavu chenyewe kinazifanya waipa nzito na kitakudanganya. Washa injini, weka mwendo wa kwanza, kisha wa pili. Mota ya mwendo mbili ina kaboni tatu za kuiingizia umeme: moja ya mwendo wa taratibu, moja ya mwendo wa kasi, na ya tatu inatumika na zote mbili. Kama mwendo mmoja tu ndio mbovu na mwingine uko sawa, shuku kaboni ya mwendo huo, waya wake au swichi ya usukani. Kama zote mbili ni nzito, tafuta kinachoshirikiwa: ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, au vyuma vinavyoivuta mikono. Angalia pia zinasimama wapi. Zikigoma sehemu ileile kila mara, vyuma vinakwama au gia ya ndani imelika. Zikigoma popote, na ukiigonga mota taratibu kwa mpini wa bisibisi zinaamka, hapo kaboni zimekwisha.

Zangu zilikuwa nzito mwendo zote mbili. Nikachukua mita, injini ikiwaka, waipa zikifanya kazi kwenye kioo chenye maji. Hili la kupima zikifanya kazi ni la lazima, maana ethi mbovu ikipimwa mota imezimwa inaonekana nzima kabisa. Betri ilisoma volti 14.1. Waya wa chanya kwenye soketi ya mota, nikilinganisha na hasi ya betri, ulisoma 13.6, kwa hiyo fyuzi na swichi zilikuwa zinapitisha umeme vizuri. Kisha nikaweka ncha moja ya mita kwenye bodi ya mota na nyingine kwenye hasi ya betri. Mahali hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri, tuseme chini ya volti 0.2. Yangu ilisoma 3.1. Maana yake, volti tatu nzima zilikuwa zinapotelea njiani kurudi betri, na mota ikabaki na 10.5 tu ya kufanyia kazi.

Chanzo kilikuwa rangi. Gari liliwahi kunyooshwa mbele, na aliyepiga rangi alipaka hadi chini ya bolti za mota. Kwenye gari langu ethi inapitia hapo hapo. Magari mengine mota imekalia mipira na ethi ina waya wake wa pekee, basi fuata waya huo hadi unapofungwa kwenye bodi. Nilikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi kwa nje kuzuia kutu. Kipimo kikashuka hadi 0.1 na waipa zikachangamka. Kama hutaki kukwangua kabla ya kuwa na uhakika, shika waya mnene, ncha moja kwenye bodi ya mota na nyingine kwenye hasi ya betri. Waipa zikikimbia ghafla, umepata jibu.

Lakini baada ya kama dakika kumi za manyunyu zikasimama tena. Ndipo nikafanya lile nililopaswa kulifanya kabla ya kununua mota ya kwanza.

Acha waipa zirudi mahali pake pa kupumzika, bandika utepe kwenye kioo kuonyesha kila mkono umelala wapi, kisha chomoa hasi ya betri. Usiruke hatua hii, vyuma vile vikizunguka vidole vikiwa ndani vinaumiza vibaya. Toa mikono, toa ile plastiki ndefu chini ya kioo, weka alama kwenye kikono cha mota, halafu kichomoe kutoka kwenye vyuma. Sasa sukuma vyuma kwa mkono. Vinatakiwa viteleze kwa nguvu ya vidole viwili. Vyangu nilivisukuma kwa mikono miwili vikalia. Nikarudisha betri, nikawasha mota ikiwa peke yake: ikazunguka kwa kasi bila kusita. Mota haikuwa na kosa.

Kilichokwama ni shafti ya mkono wa kushoto, ulio mbali na mota. Gari linalala chini ya mwarobaini, majani yalikuwa yameziba tundu la kutolea maji chini ya ile plastiki, na bushi ikakaa ndani ya maji hadi ikashika kutu. Kunyunyizia mafuta juu juu kunasaidia wiki moja tu. Nilitoa kipete kinachoishikilia shafti, nikaigonga taratibu ikatoka, nikaisugua kwa msasa laini, nikasafisha tundu lake na kujaza grisi nzito. Angalia na vile vikombe vya plastiki kwenye maungio: vikilegea mkono unayumba, vikichomoka mota inazunguka na waipa hazisogei.

Makosa hayo mawili yalikuwa yanalishana. Vyuma vizito viliifanya mota ivute umeme mwingi, na umeme mwingi ukipita kwenye ethi mbovu unapoteza volti nyingi zaidi. Ndiyo maana ukitibu moja unaona nafuu na kudhani umemaliza.

Swichi iweke mwisho. Ungekuta waya wa chanya kwenye soketi una pungufu ya volti moja au zaidi kuliko betri, hapo ndipo urudi nyuma kwenye fyuzi, soketi na swichi, ukigusa ipi inapata joto. Na kama waipa zinafanya kazi vizuri ila ukizima zinabaki katikati ya kioo, hilo ni tatizo jingine: kuna mguso ndani ya mota unaozipeleka mahali pa kulala, na huo hauhusiani na uzito.

Ukishapima, weka hapa namba tatu: betri, waya wa chanya kwenye soketi, na bodi ya mota kwa hasi ya betri, zote waipa zikifanya kazi kwenye kioo chenye maji. Nitakwambia ufungue wapi kwanza.