Ripoti ya daktari kwa mgonjwa wa skizofrenia: majibu kwa wanaoomba Inua Jamii

Daktari, kijana wangu ameugua miaka 14. Ripoti yake inasema "skizofrenia sugu, hawezi kufanya kazi." Tumeambiwa haitoshi. Imekosa nini? (Mama, Kakamega)

Mama, imetaja ugonjwa ikanyamaza kuhusu maisha yake. Wako wenye skizofrenia wanaofundisha shule na kulea watoto, kwa hiyo jina la ugonjwa peke yake halimwonyeshi afisa jinsi kijana wako anavyoishi. Shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa wahitaji fedha, kwa upande wa ulemavu, zimewekewa mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mlezi wakati wote. Hilo ndilo ripoti inapaswa kulijibu.

Kwa kila shughuli, mwombe daktari aandike mambo manne: kijana anafanya nini mwenyewe, mara ngapi, kwa msaada gani, na asiposaidiwa inakuwaje. Badala ya "hajitunzi", ripoti isome hivi: "Huoga mara moja kwa wiki, baada ya mama kumwekea maji na sabuni na kumkumbusha mara tatu au nne. Asipokumbushwa hukaa wiki mbili na nguo zilezile." Kuhusu pesa: "Akitumwa unga na noti ya mia mbili, mara nyingi hurudi mikono mitupu, hakumbuki pesa alimpa nani." Kuhusu usalama: "Amewahi kuwasha jiko la makaa ndani ya nyumba, akafunga mlango akalala. Haachwi peke yake jikoni." Na kazi: "Aliajiriwa kubeba mchanga. Siku ya tatu aliondoka katikati ya kazi, akisema wenzake wanamsengenya kupitia redio."

Daktari hawezi kuyaona hayo kliniki kwa dakika kumi. Yaandike nyumbani, ukizingatia siku 30 zilizopita, umpelekee.

Siku ya tathmini kaka yangu alikuwa ametulia, amenyolewa, shati safi. Akaulizwa kama anajipikia na kufua, akasema ndiyo kwa yote. Tumeumia. (Dada mtu, Kilifi)

Pole sana. Kaka yako huenda hakudanganya: wagonjwa wengi wa skizofrenia hawaoni kwamba wanaugua, na hilo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Kwa sababu hiyo ripoti iseme kila habari imetoka kwa nani: yapi mgonjwa ameyasema, yapi mlezi ameyasema, yapi daktari ameyaona kwa macho yake. Maneno yakipingana, yaandikwe yote mawili.

Lile shati nalo lina habari yake. Nani alilifua? Nani alimwita kinyozi, na kumshawishi kulichukua muda gani? "Amefika nadhifu, dada ameeleza kwamba alimwogesha na kumvalisha" ni sentensi inayobadilisha maana ya alichokiona mpimaji. Hamkukosea kumsafisha, ila msimwache aingie peke yake.

Tangu aanze sindano ya kila mwezi mume wangu hasikii sauti tena. Afisa ameuliza, "Si amepona?" (Mke, Nakuru)

Dawa hizi hutuliza sauti na dhana potofu vizuri kuliko zinavyorudisha ari, umakini na kumbukumbu. Mtu aliyeacha kusikia sauti anaweza kukaa kitandani hadi saa nane mchana, asianze kazi yoyote bila kusukumwa, na asahau agizo la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Watu wa nje huuita uvivu, na hilo huniuma kila nikilisikia. Ripoti itenganishe mambo hayo mawili: dalili zilizotulia na uwezo ambao haujarudi. Itaje pia madhara ya dawa yenyewe, kama usingizi mzito au mikono kutetemeka, na nani anahakikisha tarehe ya sindano haipiti. Kama aliwahi kuikosa akarudi wodini, tarehe za kulazwa ziandikwe.

Mimi ni afisa wa kliniki. Familia zinanisihi niandike "hawezi chochote" ili mgonjwa apate. Nifanyeje?

Usiandike. Mpimaji akimwona mgonjwa huyo ametembea mwenyewe hadi langoni, hataamini tena hata yaliyo kweli. Andika "anatembea bila shida, anakula mwenyewe akiandaliwa," kisha ueleze pale anaposhindwa. Ugonjwa unaopanda na kushuka upewe kipimo chake: siku ngapi kwa mwezi zilikuwa mbaya, na siku hizo zilikuwaje. Dodoso la Shirika la Afya Duniani la WHODAS 2.0 lina toleo fupi la maswali 12 linalouliza kuhusu siku 30 zilizopita. Litumie kama mwongozo, ukimhoji mlezi pia, lakini alama zake zisichukue nafasi ya maelezo.

Visa vya kufungwa kamba au kuvuta bangi viingie tu iwapo vinaeleza hitaji la uangalizi. Faili hilo litapita mikononi mwa watu wengi.